Gramu Saba za Fosforasi

Shule yetu ya sekondari pale Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, haikuwa na maabara. Ilikuwa na kabati la maabara, na ndani yake mlikuwa na sumaku mbili, taa ya spiriti isiyo na spiriti, na kiota cha nyigu. Mwalimu wetu wa fizikia, Mnyankore wa Masha aliyekuja na pikipiki kila Jumatatu na kurudi kwao Ijumaa, alikuwa amekata tamaa ya kabati hilo zamani. Alifundisha kwa vitu tulivyokuwa navyo, na sisi tulikuwa na mahindi.

Nilikuwa kidato cha nne alipofika kwenye mada ya nusu-uhai. Alituambia kwamba kuna dutu ambazo viini vya atomu zake havijatulia. Kimoja hapa, kingine pale, bila kuguswa na mtu, kinatoa mionzi na kugeuka. Huwezi kujua ni kipi kitageuka leo, lakini vikiwa vingi mno unaweza kusema kwa uhakika nusu yake itachukua muda gani. Muda huo ndio nusu-uhai. Kisha akaagiza kila mmoja wetu aje na konzi ya mahindi makavu, yaliyopakwa masizi upande mmoja.

Nyumbani mama alinikuta nje, nimekaa na sufuria nyeusi mapajani, napaka punje moja moja. Tulikuwa tumetoka Kivu Kusini miaka kadhaa nyuma, na mahindi hayo yalikuwa ya mgao wa mwezi.

"Mahindi ya kula unaichafua na masizi?" akauliza. "Uko na akili, we mutoto?"

"Ni ya masomo, mama. Mwalimu ndiye alisema tulete."

"Hiyo ni masomo gani inakulaka bukari ya batu?"

Bukari ndiyo ugali wa kwetu. Niliendelea kupaka punje, nikiwa nimempa mgongo.

Darasani tulihesabu punje mia mbili kamili kutoka kwenye konzi zetu, tukazitia kwenye beseni. Tulitikisa, tukamwaga juu ya mkeka. Zilizoanguka upande mweusi ukiwa juu tulisema zimeoza, yaani zimegeuka, tukazitoa. Zilizobaki tukahesabu, mwalimu akaandika ubaoni, tukarudisha kwenye beseni na kumwaga tena. Mia na nne. Hamsini. Ishirini na saba. Kumi na mbili. Kijana aliyekaa nyuma yangu alikuwa amebisha tangu mwanzo kwamba mtupo wa kwanza unaondoa nusu, wa pili unaondoa nusu nyingine, basi tumemaliza, twende nyumbani. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukila mgao sisi sote, nusu ya mwezi ya kwanza na nusu ya pili, halafu gunia tupu. Ilibidi ayaone mahindi yenyewe yakikataa kuisha. Kila mtupo ulichukua nusu ya yaliyobaki, si nusu ya yale ya mwanzo.

Kisha tukachora grafu. Mstari wa chini ulikuwa wa mitupo, wa kusimama ulikuwa wa punje zilizobaki. Mimi niliunganisha nukta zangu kwa rula, kona kona kama ngazi iliyoanguka, na mwalimu akaninyang'anya rula, akiniita bibie kwa lugha ya kwao.

"Hapana rula, nyabo! Peleka mukono pole pole. Hiyo kitu haiko na kona."

Nilikasirika, kwa sababu mimi hukasirika haraka na rula ilikuwa yangu. Lakini nilipochora kwa mkono, nikipita katikati ya nukta, nyingine zikibaki juu kidogo na nyingine chini kidogo, niliupenda ule mstari mara moja. Ulianza juu kabisa na kuteremka kwa pupa, kisha ukapunguza mwendo, ukawa unashuka kidogo, kidogo zaidi, mpaka ukalala karibu na mstari wa chini bila kuugusa. Mwalimu alituonyesha namna ya kuusoma. Unatoka kwenye nusu ya kiasi cha mwanzo, unakwenda kwa usawa mpaka ukutane na mchoro, unashuka chini na kusoma muda. Unarudia kutoka nusu kwenda robo, na robo kwenda nusu ya robo. Ukipata hatua zinazolingana, umeshaijua nusu-uhai.

Zile punje zilizooza tulizirusha mlangoni. Kuku wa jirani wa shule alizigundua dakika ileile, akaja na vifaranga wake, na baada ya kila mtupo walisafisha sakafu wakasubiri mwingine. Kipindi kilichofuata alifika kabla yetu. Mwalimu akampa yule kuku cheo cha msaidizi wa maabara. Tulicheka sana, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kuku huyo alikuwa anatufundisha kitu kibaya.

Baada ya wiki chache mwalimu alikuja na habari kutoka Mbarara. Shule moja ya bweni ng'ambo ya mto Rwizi, upande wa Nyamitanga, ilikuwa inaandaa semina ya fizikia. Watu wa Uganda wanazijua semina hizo. Shule nyingi zinakusanyika kwenye ukumbi mmoja, kila moja inapewa swali, mwanafunzi wake anasimama ubaoni kulijibu mbele ya wote, na wageni wana ruhusa ya kumrarua kwa maswali. Safari hii kulikuwa na jambo la ziada. Mwalimu wa fizikia wa shule mwenyeji angechagua mwanafunzi mmoja kutoka shule ndogo za wilaya yetu ya Isingiro, ampe nafasi ya bure ya kidato cha tano, masomo ya sayansi. Kwetu Nakivale sayansi iliishia kidato cha nne. Nisipoipata nafasi ile, fizikia na mimi tungeagana mwezi wa kumi na moja, mitihani ikiisha.

Swali letu lilikuwa la nusu-uhai. Nilichaguliwa mimi.

"Nyinyi watu ya Kongo muko na kelele mingi," mwalimu alisema. "Sasa kelele yako tupeleke Mbarara."

Tulipanda gari la shule jirani, tukapitia Kaberebere, tukaingia kwenye ukumbi wa shule ile. Kulikuwa na wanafunzi mamia, wamevaa sweta za rangi zote, na mbele kulikuwa na ubao mrefu kuliko nyumba yetu. Mwalimu wa fizikia wa pale alikuwa mama mnene mwenye miwani. Alikaa kiti cha pembeni na hakutabasamu.

Nilisoma swali kwa Kiingereza nilichokariri njia nzima. Kuna gramu nane za fosforasi yenye mionzi, nusu-uhai yake ni siku kumi na nne. Je, baada ya siku arobaini na mbili itabaki kiasi gani? Nikaeleza kwamba arobaini na mbili ni nusu-uhai tatu. Nane inakuwa nne, nne inakuwa mbili, mbili inakuwa moja. Inabaki gramu moja. Nikachora mchoro, bila rula, ukateremka vizuri ajabu. Makofi yakapigwa, na nikaanza kujiona niko kidato cha tano.

Mvulana wa shule mwenyeji akanyoosha mkono. Alikuwa na sweta safi na sauti ya taratibu.

"Hiyo fosforasi iko ndani ya chupa iliyofungwa. Baada ya siku arobaini na mbili naiweka chupa kwenye mizani. Ukiacha uzito wa chupa yenyewe, mizani itasoma ngapi?"

"Gramu moja," nilisema, tena kwa dharau kidogo, maana jibu lilikuwa limeandikwa pale ubaoni.

Ukumbi ulilipuka. Watu waligonga madawati, wengine walipiga kelele kwamba nisahihishwe, na yule mvulana akakaa chini polepole kama mtu aliyeshiba. Nilimtafuta mwalimu wangu kwa macho. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Yule mama wa miwani akainua mkono, ukumbi ukanyamaza.

"Gramu saba zimekwenda wapi?" akauliza.

Masikio yalikuwa yanawaka moto. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, sikujua nianze na lipi. Nikautazama mchoro wangu na kujaribu kuziona zile punje zilizooza, nimezitoa kwenye mkeka, nimezirusha mlangoni, halafu? Jibu lilinijia, na kwa hasira nilizokuwa nazo likatoka kama lilivyo.

"Kuku amekula," nilisema.

Kicheko kilichofuata hakikuwa kama cha kwanza. Hata mvulana wa sweta alicheka, na kwa kweli nami nilicheka. Nikawaeleza habari ya mahindi yetu, masizi, mkeka na yule kuku. Kwetu, nilisema, kilichooza kinaliwa, ndiyo maana nilizoea kuhesabu kilichobaki tu. Lakini ndani ya chupa hakuna kuku. Kiini cha fosforasi kinapooza kinarusha elektroni moja nyepesi sana na kugeuka kuwa salfa. Salfa inabaki mlemle chupani. Kwa hiyo mizani itasoma karibu gramu nane zilezile, moja ya fosforasi na saba za salfa. Mchoro wangu haujakosea, ila unasema habari za fosforasi peke yake.

Nikachukua chaki ya rangi na kuchora mstari wa pili juu ya grafu ileile. Ulianza sifuri, ukapanda kwa haraka mpaka nne, ukakutana na ule wa kwanza siku ya kumi na nne, ukaendelea kupanda kwa kujivuta, sita, saba, ukikaribia nane bila kuifikia. Popote ukikata grafu kwa wima, ukijumlisha mistari miwili unapata nane. Sikuwa nimeuona mchoro huo kabla ya mkono wangu kuuchora, na nilifurahi kiasi cha kusahau kwamba kuna watu.

Wakati wa chai yule mama alinifuata. Aliniuliza alama zangu za darasani, akanitazama juu ya miwani.

"Wewe unakosea vizuri," alisema. "Nafasi ni yako. Januari kuja na godoro."

Mwalimu wangu aliimba njia nzima kurudi, nyimbo za ng'ombe za kwao, na hakujua kuimba.

Mama alikuwa anapika nilipofika. Nilimweleza yote, naye alisikiliza bila kugeuka. Nilikuwa binti wake mkubwa, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu wa kubebwa na kuogeshwa. Nilijua anachohesabu kichwani. Nilipomaliza aliuliza juu ya chupa tu.

"Ile yenye ilioza, haikupotea?"

"Haikupotea, mama. Iko mule mule. Ila imegeuka, iko kitu ingine."

"Na haiwezi kurudia vile ilikuwa?"

"Haiwezi."

Akakoroga bukari muda mrefu. Mwiko ulikuwa unagonga sufuria.

"Basi na wewe utaenda kule Mbarara," alisema, "utarudia hapa uko mutu mwingine."

Nilitaka kusema hapana, sitabadilika. Nilikuwa nimetoka kueleza kinyume chake mbele ya watu mamia, kwa hiyo nilishindwa kumdanganya. Nikamwambia kwamba pengine ndiyo, lakini nitakuwa palepale alipo yeye. Nililia nikisema hivyo, na hasira hazikuwemo safari hii.

Mama akaepua sufuria. Asubuhi nilimkuta ametoa godoro lake nje, si letu sisi watoto, lake. Alikuwa ameliegemeza ukutani penye jua, analipiga kwa fimbo, vumbi likimjaa kwenye nywele.