Hafidha na Kuta Zilizopigwa Lipu

Hafidha Maulida wa Zinga alijifunza ufundi bomba kwa macho na mikono, miaka yote aliyokuwa chini ya Alawi. Alawi alikuwa na cheti cha chuo. Kazi wakipata wanafanya pamoja, yaani Hafidha anafanya, Alawi anapokea simu.

Siku ya kukabidhi nyumba ya wageni ya Bi Raya pale Mlingotini, Hafidha yumo chooni anakaza koki, akamsikia Alawi ukumbini.

"Yule dada? Yule fundi maiko tu, Bi Raya, hajasomea popote. Namsaidia kwa sababu ya watoto wake. Ukijenga ile ya pili nipigie mimi."

Hafidha hakutoka. Alimaliza koki, akafunga vifaa vyake, akaondoka kwa mlango wa jikoni. Njia nzima anajiapiza: nyumba ya pili ya Bi Raya ataishika yeye, na Alawi atakuwepo aone.

Jioni akamwendea binamu yake Twalha, afisa maendeleo wa kata.

"Nitafutie mtu anitengenezee cheti."

"Cha kughushi? Akikuuliza mtu umesoma mwaka gani, utamjibu nini?" Twalha akamweleza kuwa VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wanawapima watu waliojifunzia ujuzi kazini, wakifuzu wanapewa cheti halali. "Lakini cheti peke yake hakimtoi Alawi, Alawi anacho. Wewe unataka cheti na kazi. Kazi zako ziko wapi?"

"Ukutani."

"Ndiyo hapo. Fundi rangi kazi yake inaonekana. Yako inapigwa lipu, na aliyesema ni yake ndiye mwenye nayo."

Neno lile lilimchoma kuliko la Alawi. Tangu siku hiyo Hafidha hakukubali ukuta ufunikwe kabla hajapigwa picha, mwenyewe akiwa mbele ya mabomba yake. Waashi wakamcheka, eti bibi harusi huyo anangoja nini. Akawajibu, "Shika simu, piga, halafu ndiyo uchanganye simenti yako." Alifanya jiko la Sada, mama lishe wa njia panda, akafanya mahali pa kutawadhia msikitini, akafanya nyumba ya mwalimu mmoja huko Miono. Kila mwenye kazi aliandika barua na kuweka namba yake ya simu. Serikali ya mtaa wakaandika kuwa wanamjua kwa kazi hiyo miaka mingi.

Akajiandikisha VETA. Wapimaji walipokuja, wakamhoji kwa mdomo, wakatazama picha, wakamwambia aunge mabomba mbele yao. Akaunga, akajaza maji, akapandisha presha kwa pampu, mshale wa kipimo ukatulia. Kisha wakamtandikia ramani ya nyumba. Hapo akakwama. Alizoea kuonyeshwa kwa kidole: choo hapa, sinki pale.

"Mikono unayo," mpimaji akasema. "Ramani hujui. Utakaa darasani kidogo, tukupime tena."

Alirudi nyumbani hakula. Kilichomuuma ni kwamba Alawi angesikia. Na alisikia, akacheka barazani kwa watu. Kicheko hicho ndicho kilichompeleka Hafidha darasani kila asubuhi, akakaa na vijana wa kuwazaa, mpaka ramani akaisoma kama unavyosoma uso wa mkweo. Akapimwa tena. Cheti kikatoka.

Bi Raya alipoanza nyumba ya pili, wote wawili wakafika.

"Shikamoo, Bi Raya."

"Marahaba. Haya, vyeti nimeviona. Nipeni watu mliowafanyia."

Hafidha akatoa picha na barua zake. Alawi akataja nyumba mbili na namba za wenyewe. Bi Raya akapiga simu palepale, sauti ameifungulia wote wasikie. Watu wa Hafidha wakapokea wote, Sada akataka na kusalimia. Wa kwanza wa Alawi hakupokea. Wa pili akasema, "Kazi nzuri, haijavuja hata tone. Lakini mama, unamuulizia huyo bwana au yule dada aliyekuwa anatufanyia?"

Bi Raya akakata simu.

"Kazi ni ya Hafidha," Bi Raya akasema. "Alawi, ukitaka, muombe yeye."

Ujenzi ulikuwa umekauka pwani nzima, na Alawi hakuwa na kwingine. Akasema, "Dada Hafidha, tumetoka mbali."

"Tumetoka mbali, kaka. Njoo kesho, utachimba mifereji ya mabomba."

Alichimba mpaka viganja vikachubuka, Hafidha hakumwambia pole. Siku ya kupiga lipu ilipofika, akampa mwashi simu, akajipanga mbele ya ukuta.

"Kaka Alawi, sogea. Nishikie bomba hilo. Chini kidogo, uso uonekane."

Picha ile aliipeleka kwa Twalha, akamwambia aandike chini yake kwa herufi kubwa: Fundi Hafidha Maulida na msaidizi wake. Kila anayekuja kuulizia kazi sasa anaonyeshwa hiyo kwanza.