Tiketi ya 19:30

Mama Cherehani, kama mtaa ulivyozoea kumwita, hakuwahi kukata kitambaa bila kukirudisha kipimo mwilini mwa mteja kwanza. Lakini kwenye tiketi ya treni, alilimeza neno la mumewe zimazima.

"19:30, toa kumi na mbili, inabaki saba na nusu," mzee alikuwa amesema asubuhi kwa madaha. "Saa saba na nusu usiku. Muda tunao tele!"

Basi jioni hiyo mzee alikuwa anakoroma kwenye kochi, na mkewe anapiga pasi taratibu gauni la binti yao, bibi harusi wa kesho, huko mwisho wa reli.

"Hebu na kipimo hiki cha mzee nikirudishe," akajisemea, kwa mazoea tu. Saa kumi na mbili jioni, kwenye tiketi huandikwa 18:00. Akaongeza saa saba na nusu.

25:30.

Siku gani hiyo yenye saa ishirini na tano? Akarudia: 18:00, ongeza saa moja na nusu. 19:30, ileile ya kwenye tiketi.

"We mzee, amka! Treni ni saa moja na nusu!"

"Ya asubuhi?"

Kabla mkewe hajageuka kuitazama saa ya ukutani, honi ililia stesheni, ndefu, na treni ikapita nyuma ya nyumba ikiwatikisia vikombe kabatini. Gauni lilikuwa bado la moto mikononi mwake.