Kurasa Mbili za Sita

Huyo mwenye nyumba nilimchukia kabla faili lake halijafika mezani kwangu. Niliwahi kupanga chumba kwake, mtaa wa Troyeville, na nilipohama alikataa kunirudishia amana yangu, akaniambia niende nikashtaki kwetu Kenya. Watu wa kanisani walinishauri nimwachie Mungu. Nilimwachia, lakini jicho sikumwondolea.

Mwaka 2017 nilikuwa msaidizi katika ofisi ndogo ya wakili, Bezuidenhout Valley. Asubuhi moja akaingia mama mmoja Mkongomani, msusi, kapanga chumba cha saluni yake kwa bwana huyohuyo. Sasa bwana huyo alikuwa akimshtaki: eti kila mwezi amelipa pungufu ya randi elfu mbili, basi mahakama imtoe.

"Dada, mimi nalilipa bei tuliyopatana," aliniambia. "Ile elfu mbili mi siijui. Na nikitoka pale, batoto bangu batakula nini?"

Nakala ya mkataba hakuwahi kupewa. Tuliyokuwa nayo ni ile mwenye nyumba aliyoambatisha kwenye mashtaka, kurasa zilizoskaniwa upandeupande, nyingine zimefifia.

Nilimweleza wakili wazi kwamba namjua yule bwana na simpendi. Akafikiri kidogo, akasema nifanye kazi, ila kila mstari atauhakiki mwenyewe. Alitaka vitu vitatu tu: wahusika, tarehe, na kiasi cha malipo, kila kimoja na ukurasa wake. Nisifupishe, nisifasiri. Kiasi kikitajwa mara mbili, niandike mara mbili. Kisichosomeka, niandike hakisomeki.

Kompyuta haikunisaidia. Programu ya kusoma maandishi iliona nane ikaandika tatu, kwa hiyo nikakuza kila ukurasa na kusoma kwa macho. Jalada halikuwa na namba, kwa hiyo ukurasa wa pili wa skani ulikuwa umechapwa namba moja. Nikaandika namba zote mbili, ya skani na iliyochapwa, ili atakayetafuta asipotee.

Jedwali la kwanza lilikuwa na safu ya nne. Niliipa jina "Maelezo", nikamwaga humo yote niliyomwekea yule bwana kifuani: mnyang'anyi, mla jasho la wajane. Tena faini ya kuchelewa kulipa, iliyokuwa ukurasa wa kumi wa skani, niliiruka, maana ingemuumiza mama wa watu.

Wakili aliifuta safu nzima. "Hasira yako haina namba ya ukurasa," alisema. Kisha akafungua ukurasa wa kumi, akaiweka kalamu juu ya ile faini na kunitazama. Nikaona haya, na hasira pia. Nikarudi mezani nikaanza upya kutoka kwenye jalada, nikinung'unika kwa Kikikuyu ili asielewe.

Hiyo mara ya pili sikuwa natafuta ubaya wake. Nilikuwa naandika tu. Skani ukurasa wa 7, umechapwa 6: kodi ya mwezi, R4 800. Skani ukurasa wa 8, umechapwa 6: kodi ya mwezi, R6 800.

Nikasimamisha mkono. Sita mbili. Mwanzoni, kwa kukimbilia matusi, niliziona kurasa hizo kama moja iliyoskaniwa mara mbili, nikaandika ile ya juu tu. Sasa nikaziangalia vizuri. Chini ya ule wa kwanza palikuwa na herufi za kwanza za majina ya kila upande, zilizotiwa kwa kalamu kama sahihi, kama kurasa nyingine zote za mkataba. Chini ya ule wa pili palikuwa na herufi za mwenye nyumba peke yake. Alikuwa amechapa ukurasa mpya wenye bei mpya, akasahau kuutoa wa zamani kwenye faili. Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia mlangoni.

Sikuongeza neno. Niliiacha mistari miwili ikae pamoja, na faini nikaiweka mahali pake.

Mwenye nyumba na wakili wake walipokuja ofisini kuzungumza, wakili huyo alilipitia jedwali upesi, mistari ya wahusika, mistari ya tarehe. Kwenye kodi akapunguza mwendo. Akafungua nakala yake, saba, nane, akarudi saba. Akamwomba mteja wake watoke kidogo nje. Waliporudi alisema wanaondoa kesi, na mama wa saluni ataendelea kulipa R4 800. Yule mama alijifunika uso kwa kitenge akalia.

Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshiba. Nilimsindikiza yule bwana hadi mlangoni, kazi ambayo si yangu, ili nimwone vizuri. Hapo ndipo aliponitambua.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyenifanyia hivi."

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Mimi nimesoma tu. Aliyeskani ni wewe."