Nyumba ya Tisa

Mimi minye si mtu wa kuombaomba ruhusa. Lakini katika kikundi chetu cha kanisa cha kutembelea wagonjwa, mama aliyetaka kupumzika alikwenda kwa kiongozi yeye mwenyewe, akasema: naondoka siku hii, narudi siku hii, wagonjwa wangu ni hawa. Kutoweka kimyakimya kulikuwa ni kuwatupa watu.

Basi Jumatano moja nikatoka kwetu Rugenge kwenda mtaa wa Nyamianda, humuhumu Uvira. Kiongozi wetu, mjane mwenye sauti ya sajini, alikuwa anaanika samaki wa ndagala uani.

"Mama, unisamehe kazi mwezi mmoja, kuanzia Jumatatu. Binti yangu wa Mutarule iko karibu kuzaa. Mimba ya kwanza, na mama mukwe hana."

"Na kurudi?"

"Mwezi ukiisha. Nikichelewa nitatuma mtu."

"Haya, nipe nyumba zako."

Nikampa karatasi: nani analishwa, nani anaoshwa, nani kiziwi apigiwe kelele mlangoni. Nikarudisha sufuria ya kikundi na vitambaa vya vidonda. Mwenzangu mmoja alikuwa amekubali kushika nafasi yangu. Alhamisi na Ijumaa ningemzungusha mlango kwa mlango, wagonjwa wamzoee sura.

"Nyumba nane tu?" Mama yule alijua kuhesabu!

Nikashusha sauti. Ya tisa sikuiandika. Alikuwa mwalimu mmoja, nyuma ya mashini ya kusaga, mguu umeoza kwa kidonda. Mke wake alikimbia milimani na watoto, akaniachia mumewe huku analia. Tangu waasi waingie Uvira, watu wa kalamu, walimu na makarani, walikuwa wanachukuliwa na hawarudi.

"Huyo nitamuosha mimi mwenyewe," akasema. "Hata mwenzako usimwambie."

Nikarudi nyumbani roho nyeupe. Mjinga minye! Nilisahau Jumapili.

Desturi yetu ilikuwa hivi: anayepumzika na anayempokea wanasimama mbele ya watu Jumapili, nyumba zinasomwa, ili kila jamaa ajue nani atakayepiga hodi. Kuiruka desturi kungeleta maswali. Tukasimama. Benchi la nyuma walikaa waasi wawili, bunduki katikati ya magoti. Kiongozi akasoma nyumba nane, akakunja karatasi.

Akainuka bibi mmoja niliyemuuguza homa, uso umejaa shukrani. "Mumesahau moja! Kule nyuma ya mashini. Kila Ijumaa namuona dada huyu akiingia na sufuria, Mungu amubariki!"

Yesu wangu! Alitaka kunisifu tu, maskini. Hadi leo nikimkumbuka nakasirika, halafu naona haya kukasirika.

Kiongozi hakupepesa jicho. "Mgonjwa huyo alituacha jana. Tunamzika leo. Tusimame tumuombee."

Kanisa zima likasimama, likamwombea pumziko la milele mtu aliyekuwa anangoja uji wake.

Saa ileile tukamfuata, wamama wanne. Nikamwambia mwalimu sikioni: "Usikohoe." Tukamviringisha kwenye mkeka, tukambeba kwa vilio barabara nzima hadi kwa kiongozi, eti tukamwoshe. Kilichotoka pale kwenda kaburini, ndani ya mkeka uleule, kilikuwa shina la mgomba; mwalimu alibaki amefichwa ndani. Wale waasi wawili walisimama juu ya kaburi hadi udongo wa mwisho. Nililia kwelikweli, kwa hofu.

"Sasa siendi Mutarule," nikamwambia kiongozi.

"Utaenda. Weye umetangazwa. Ukibaki, watauliza nini kimekubakisha."

Nikaenda. Binti yangu akazaa msichana, salama. Nilimshika mjukuu wangu na akili haikuwa pale; kila mtu aliyefika kutoka Uvira nilimtazama mdomo kabla hajasalimia. Kuuliza sikuweza. Ningeulizaje habari za maiti?

Mwezi ulipotimia nikarudi siku niliyoahidi, nikapitia kwa kiongozi kwanza, ndiyo taratibu. Akanirudishia sufuria, vitambaa, na karatasi ya nyumba nane. Mmoja alikuwa amepona, jina limefutwa.

"Na wa tisa?"

Akafunga mlango. Kidonda kilipanda mguu mzima, akasema, homa ikamshika juma la pili. Dawa ilikuwa dispansari, na dispansari ilikuwa mikononi mwa waasi. Nani angeenda kumuombea dawa mtu aliyezikwa? Alipokata roho, yeye na wale wamama walingoja mvua kubwa, watu wote wakiwa ndani, wakalifukua lile kaburi, wakamlaza juu ya mgomba. Hata wimbo mmoja hawakuimba.

Nikafungua mdomo kupiga ukelele. Kiongozi akauziba kwa kiganja chake.

"Nyamaza, dada," akasema. "Huyo tulishamlilia."