Kipimo cha Mwezi wa Kumi na Tano

Matibabu ya saratani ya utumbo mpana yalipoisha, upasuaji na kisha miezi ya dawa za kemo, sikupewa cheti cha kupona. Nilipewa ratiba. Damu kila miezi mitatu kwa miaka miwili, baadaye kila miezi sita hadi mwaka wa tano. Picha ya CT ya kifua na tumbo kila mwaka. Kamera ya utumbo baada ya mwaka mmoja, na ukikutwa safi, tena baada ya miaka mitatu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na ratiba yoyote lazima niihoji.

"Kwa nini msinipige picha kila mwezi?"

"Picha haizuii ugonjwa kurudi," alisema daktari, mama wa makamo, huku akiandika. "Utakula mionzi bure, na vivuli visivyo na maana vitakunyima usingizi. Damu ndiyo hutuonya mapema, mara nyingi. Si mara zote."

"Sasa hiyo 'si mara zote', dokta..."

"Wewe ulisomea sheria?"

"Takwimu."

"Ndiyo maana."

Hospitali ya rufaa ni safari ya siku nzima kutoka Lushoto. Mwaka ule wa kwanza nilishuka mlima peke yangu kila mara. Mama alikuwa na kabichi zake Magamba, nami nilimkataza kuja. Wenzangu kwenye benchi walikuja na dada, mume, shangazi mwenye chupa ya chai. Mimi nilikuwa na bahasha kubwa ya kaki, nikaishikilia kama mtu anayeweza kuibiwa.

Mwaka ulipotimia, damu, picha na kamera vilikuwa safi. Mama akatangaza ibada ya shukrani. Nilimwambia siamini mambo hayo.

"Sijakuuliza unaamini nini, baba. Nimekwambia vaa shati."

Baada ya ibada, sadaka zetu zilinadiwa nje ya kanisa. Jirani alinunua jogoo wa mama, akamrudisha ili anadiwe tena, watu wakacheka, wakanishika mkono mmoja baada ya mwingine: umepona. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza habari za hospitali. Kwetu, ukishamshukuru Mungu mbele ya usharika, kurudi kupimwa ni kama kwenda kumhakiki. Na bahasha ile, stendi nzima ya Lushoto inaijua.

Mwezi wa kumi na tano sikwenda. Nilijipa hoja za kisomi: nakula, nimeongezeka uzito, napanda hadi Irente bila kutweta, kipimo kinatafuta nini? Ukweli ni kwamba maombi yao sikuyaamini, lakini uhakika wao niliuazima.

Mwezi wa kumi na nane muuguzi alinipigia. "Kaka, mara iliyopita tulikukosa. Na hii pia utatukimbia?" Nilimwambia mama naenda Tanga kwenye semina.

Kiashiria cha saratani kwenye damu kilikuwa kimepanda kidogo. Daktari aliniuliza kama navuta sigara, kama nimeugua karibuni. Hapana, hapana. "Kipimo kimoja si hukumu," alisema. "Rudi baada ya wiki nne." Wiki hizo nne ukungu haukuinuka Magamba, au mimi ndiye sikuinua macho. Nilikaa meza moja na mama kila jioni na sikusema kitu.

Safari ya pili, tena kwa uongo wa Tanga, kiashiria kilikuwa juu zaidi. Nikapigwa picha ya CT. Kwenye ini kulikuwa na doa moja. Kwingine hapakuonekana kitu.

"Lakini sisikii chochote," nilisema.

"Ndiyo maana tunapima. Wengi wakisubiri waumwe, madoa yanakuwa mengi." Alisema kikao cha madaktari kitaliangalia. Likiwa moja hivi, mara nyingi hujaribu kulikata, kwa nia ya kuponya.

"Ningekuja ule mwezi wa kumi na tano?"

Akaweka kalamu chini. "Huenda tungelikuta dogo zaidi. Huenda tusingeliona kabisa. Sijui."

Nilitamani anigombeze. Nilitoka nje nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Semina inaendaje?"

"Siko Tanga. Niko hospitali. Ugonjwa umerudi, mama, kwenye ini. Na kuna kipimo niliruka."

Nilisikia jembe likiwekwa chini, akamwambia mtu kitu kwa Kishambaa, sikukishika.

"Wanakata lini?"

"Hawajasema."

"Unauliza kila kitu, hilo hukuuliza? Nenda kaulize. Nakuja."

"Na watu wa kanisani?"

"Wataniuliza mimi, si wewe."

Simu ikakatika. Nikakaa kidogo kwenye benchi, nafasi ya pembeni yangu ikiwa wazi, kisha nikarudi ndani kuuliza tarehe.