Kiwiko Changu Hakikuguswa

Mwaka ule nilirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita nikiwa mifupa mitupu. Kuhara damu kulinila nyama zote, lakini cheko langu lilibaki, na wimbo mpya niliotunga nikiwa nimelala pale hospitali ya machimbo. Nilijiona tayari nimevaa koti, nimeitwa Mwadui kuimba mbele ya watu wa almasi. Ndivyo nilivyokuwa, kuota hakukunigharimu kitu.

Ila nilirudi na jambo jingine. Nikiwa nimesimama, sauti yangu mwenyewe ilinguruma kichwani kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Pumzi nayo, ikiingia na kutoka, ilivuma kama mivukuto ya mhunzi. Nikilala, au nikiinamisha kichwa katikati ya magoti, kimya. Nikisimama na kutembea kidogo, inarudi. Hata kuvuta kamasi kwa nguvu kulinipa nafuu, lakini ya kitambo tu.

Mganga wa hospitali alikuwa amenichungulia sikioni kwa kidude chenye taa. "Vuta pumzi. Toa. Tena." Akacheka kwa mshangao. "Ngozi ya sikio lako inacheza na pumzi zako, kijana! Kuna njia kati ya pua na sikio. Kwa watu wengine hukaa imefungwa, ikafunguka wakimeza tu. Yako imekonda pamoja nawe, inabaki wazi. Kula, unywe maji, unenepe. Na jihadhari: wewe utadhani unapiga kelele, kumbe sisi huku hatukusikii."

Hilo la mwisho ndilo lililonitisha. Kwetu kila kikundi cha ngoma kina mwimbishaji wake, tunamwita ningi, na wa kikundi chetu nilikuwa mimi. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza siku moja, uwanja mmoja, kila moja upande wake, na hakuna mwamuzi. Mwamuzi ni miguu ya watu: watakakokusanyika wengi, huko ndiko kumeshinda. Mzee wa kikundi chetu alishasema, "Ningi akikimbiwa na watu msimu huu, usinga wa kuongozea ngoma ataushika mwingine."

Siri yangu nilimwambia mtu mmoja tu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa akinipokea kwenye kiitikio. Tulijaribu nyumbani, yeye akisimama ng'ambo ya zizi.

"Imba basi!" akapaza sauti.

"Naimba!"

"Unaimba? Mimi nilidhani unamnong'oneza ndama!"

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Tukapatana: siku ya ngoma atasimama kuliani kwangu, na sauti ikishuka atanigusa kiwiko. "Nduhu tabu, hakuna shida, shemeji," alisema. "Mimi ndiye sikio lako."

Siku ilipofika jua lilikuwa kali na vumbi limeamka. Nilishika usinga, nikaanza. Loo, nilijisikia! Sauti yangu ilijaza kichwa, ikajaza, nilidhani, uwanja mzima mpaka kwenye minyaa ya boma la mbali. Kiwiko kimya. Nikasema moyoni, naam, leo nimepona. Nikaimba ubeti wa pili, ule wa mama anayemngoja mwanawe wa machimboni, machozi yakanilenga kwa uzuri wake.

Kisha nikaona migongo. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alimbeba mtoto wake akahamia ng'ambo. Wakafuata vijana watano. Mmoja akageuka, "Ningi amekula pamba huyu!" Nikamtazama shemeji. Alikuwa ananitazama pia, mikono ameikunja nyuma.

Nusu ya watu walipokwisha ondoka, ndipo alipofungua kinywa. Akauanza wimbo wangu upya, kutoka mwanzo, kwa ile sauti yake pana. Watu wakasimama. Wakarudi. Mzee akaja taratibu, akauchukua usinga mkononi mwangu bila kunitazama, akampa yeye.

Nilimfuata alipokuwa anakunywa maji. "Shemeji, mbona hukunigusa?"

"Nilidhani unajisikia."

"Ulijua najisikia! Ndiyo ugonjwa wenyewe!"

Alifuta mdomo. "Wimbo mzuri kama ule, ningeuacha ufe kinywani mwako?" Akaenda. Walikuwa wanamwita.

Sikuwa na pa kwenda. Nikajilaza nyuma ya zizi, vumbini, kichwa chini. Mvumo ukazimika, kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza siku ile nikasikia uwanja sawasawa. Alikuwa katika ubeti wa mama. Aliuimba vizuri. Niliomba akosee hata neno moja, lakini nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, na hakukosea.