Kaka Yangu Alivyorudi Nyuma Hadi Ziwani

Kaka yangu Verlyn Skogen ni fundi wa mashine za boti hapa Minnesota, na moyo wake ni mkubwa kuliko maneno yake. Theluji ikianguka atakusafishia njia kabla hujaamka, halafu atakataa hata kahawa. Ila ukizungumza naye, mwachie nafasi. Simameni mbali kiasi kwamba mkinyoosheana mikono, vidole ndivyo vikutane. Si yeye peke yake. Ukoo wetu mzima uko hivyo, na sikumbuki mtu aliyetufundisha.

Binti yake Kirsten alikwenda kufundisha Barranquilla, Kolombia, akarudi na mchumba, Andrés. Siku moja kabla ya harusi akafika mama yake Andrés, Yaneth Quintero, muuza maua, mwanamke wa kicheko kikubwa, na Kiingereza chake kilimtosha kutania watu.

Mchana ule tulikuwa tunakaanga samaki kando ya ziwa. Verlyn alisimama mwanzoni mwa gati la mbao. Yaneth akamfuata, akasimama karibu kabisa, akamshika kiwiko.

"Mkwe wangu! Binti yako ana adabu, jamani. Umemlea wewe?"

"Mama yake zaidi," Verlyn akasema, akarudi nyuma hatua moja.

Yaneth akaisogelea nafasi ile kama mtu anayefunga mlango ulioachwa wazi. "Na mama yake alikupendea nini? Mbona huongei?"

Verlyn akageuza bega, akatazama maji, akainua kikombe cha kahawa hadi kifuani. Kwetu sote pale, maana yake ilikuwa wazi: nipumulie kwa mbali. Lakini Yaneth aliona mtu anayemkwepa macho, na kwao mtu wa namna hiyo unamkaribia zaidi ili ajue unamjali. Akasogea. Verlyn akarudi. Wakaendelea hivyo, maongezi yakiwa ya heshima tupu, hadi gati likaisha.

Tulisikia mshindo, kisha maji yakaruka.

Verlyn aliibuka, kikombe bado mkononi. "Niko sawa," akasema, kama kawaida yetu.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Yaneth akaenda kukaa nyuma ya nyumba, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu anaoa kwa watu wanaonikimbia," akamwambia Andrés. Jikoni nako, Verlyn akijifuta, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, yule mama ana hasira na mimi? Au ananitaka?"

Kirsten alimsikia. Akacheka hadi akashika meza.

"Baba, kwetu uso wa mtu ukikukaribia namna ile, ni ugomvi au ni busu. Kwao ni maongezi tu. Mtoto anakua akiona shangazi zake wanavyosimama, mwili unakariri, basi. Ukikaa mbali, wanaona umenuna."

"Mimi sijanuna."

"Najua. Na yeye hakutaki."

"Basi, nashukuru," akasema Verlyn, ingawa nilimwona kama amevunjika moyo kidogo.

Kirsten akamwita Andrés. Wakaongea Kiingereza, kisha wakahamia Kihispania, na mbele ya macho yetu wakasogeleana, mikono ikaanza kugusana. Waliporudi kwenye Kiingereza, pengo likafunguka tena. Wao wenyewe walishangaa tulipowaambia.

"Kumbe miguu nayo inajua lugha!" akasema Andrés, akakimbia kumwita mama yake aone.

Yaneth alitazama, akamgeukia Verlyn. "Kwa hiyo hukunikimbia mimi?"

"Nilikuwa natafuta hewa, mama."

Yaneth akaangua kicheko. Walijaribu kukubaliana umbali wa katikati, lakini kila walipoanza kunogewa na maongezi miguu ilijisahau. Jioni Verlyn akampeleka kuvua samaki. Ndani ya boti walikaa kwenye ubao mmoja, bega kwa bega, wote wakitazama maji, na pale ukaribu haukumsumbua hata kidogo, maana hakuna uso uliomkabili. Nilisikia kaka yangu akisimulia habari za marehemu mkewe, mambo ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia.

Kesho yake ukumbini, ndugu wa Yaneth waliokuja harusini wakaanza kuwasalimia binamu zetu. Hawa wakisogea, wale wakirudi nyuma, wawili wawili, taratibu, hadi kundi zima likabanwa kwenye ukuta wa mbali na keki ikabaki peke yake katikati. Verlyn na Yaneth walikuwa wamekaa sambamba karibu na jukwaa, wanatazama.

"Tuwaambie?" Yaneth akauliza.

"Subiri," akasema Verlyn, akainuka kwenda kumkatia kipande kikubwa cha keki. "Tule kwanza."